Jedwali Linalojiwekea Alama Lenyewe

Agizo lenyewe ni fupi. Kuna jedwali la namba. Popote penye sifuri, mstari wote unaopita hapo na safu yote inayoshuka hapo vigeuzwe kuwa sifuri. Visanduku vingine visiguswe.

Wahisabati huliita jedwali la namna hiyo matriksi, jina alilolibuni Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850. Swali la kulifuta kwa sifuri ni la juzijuzi zaidi, na makao yake ni chumba cha usaili wa kazi. Gayle Laakmann McDowell, aliyewahi kuwa mhandisi wa Google, aliliweka katika sura ya kwanza ya kitabu chake cha kuwaandaa wanaoomba kazi ya kuandika programu. Katika mazoezi ya LeetCode ni swali namba 73. Wengi hulitatua kwa dakika chache, kisha msaili huongeza sharti moja linalobadilisha kila kitu: fanya kazi hiyo hiyo bila kutumia kumbukumbu ya ziada inayokua kadiri jedwali linavyokua. Vibadilika viwili vitatu vinaruhusiwa. Nakala ya jedwali hairuhusiwi, wala orodha ndefu ya pembeni.

Ili kuona ugumu uko wapi, tazama jedwali hili lenye mistari minne na safu nne:

```
7 3 0 5
2 8 6 1
4 9 3 0
5 6 2 8
```

Sifuri ziko mbili. Ya kwanza iko mstari wa kwanza, safu ya tatu. Ya pili iko mstari wa tatu, safu ya nne. Kwa hiyo mistari inayotakiwa kufutwa ni wa kwanza na wa tatu, na safu ni ya tatu na ya nne. Jibu sahihi ni hili:

```
0 0 0 0
2 8 0 0
0 0 0 0
5 6 0 0
```

Anayeanza huandika programu inayopita kisanduku kwa kisanduku, na kila ikikuta sifuri inafuta papo hapo. Inafika kwenye sifuri ya kwanza, inafuta mstari wa kwanza na safu ya tatu. Mpaka hapo hakuna kosa. Inasogea kisanduku kimoja kulia, mahali palipokuwa na 5, na sasa inakuta sifuri. Sifuri hiyo programu imeiweka yenyewe sekunde hiyo hiyo, lakini haina njia ya kujua. Inafuta safu ya nne. Inashuka mstari wa pili, inakuta sifuri nyingine ya kutengenezwa katika safu ya tatu, inafuta mstari wa pili. Mistari ya tatu na ya nne nayo inakwenda hivyo hivyo. Mwishoni jedwali zima ni sifuri kumi na sita, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea kwenye skrini.

Huo ndio moyo wa tatizo. Sifuri iliyokuwamo tangu mwanzo na sifuri iliyowekwa na programu zinafanana kabisa, ilhali ni ile ya asili tu yenye amri ya kufuta. Mbinu zote zilizowahi kupendekezwa zinatofautiana katika jambo moja: zinaihifadhi wapi habari ya sifuri za asili.

Njia ya wazi kuliko zote ni kunakili. Programu inasoma kutoka kwenye nakala na kufuta kwenye jedwali lenyewe, hivyo sifuri mpya haziwezi kuipotosha. Gharama yake ni kumbukumbu. Jedwali la mistari 10,000 na safu 10,000, kila namba ikichukua baiti nne, linakalia megabaiti 400; nakala inafanya ziwe 800.

Lakini nakala nzima ni ubadhirifu. Ili kufuta sawasawa hakuna haja ya kukumbuka kila sifuri ilikuwa wapi. Inatosha kujua ni mistari ipi na ni safu zipi zimepatikana na sifuri walau moja. Kwa hiyo programu hutengeneza orodha mbili za ndiyo na hapana, moja ya mistari na moja ya safu. Inapita jedwali mara ya kwanza bila kufuta chochote, ikijaza orodha tu. Inapita mara ya pili na kufuta kila kisanduku ambacho mstari wake au safu yake ina “ndiyo”. Kwa jedwali lile kubwa, orodha hizo zinahitaji alama 20,000. Kila alama ikipewa baiti moja, jumla ni baiti 20,000 kando ya milioni 400, yaani sehemu moja kati ya 20,000.

Kwa mtu mwenye kazi halisi ya kumaliza, hapo pangetosha. Msaili ndiye asiyetosheka, kwa sababu orodha hizo bado zinakua jedwali likikua.

Wapo wanaojaribu kulikwepa sharti. Mmoja anasema: badala ya kuandika sifuri mara moja, andika -1 kama alama ya muda, kisha mwishoni geuza kila -1 kuwa sifuri. Hilo linafanya kazi pale tu inapojulikana kwamba -1 haimo katika jedwali. Katika swali la LeetCode namba yoyote kuanzia -2,147,483,648 hadi 2,147,483,647 inaruhusiwa, na hizo ndizo namba zote zinazoingia katika biti 32. Hakuna iliyobaki ya kufanywa alama. Mwingine anabana orodha mbili kuwa namba mbili kubwa, kila biti ikisimamia mstari au safu, halafu anadai ametumia vibadilika viwili tu. Kwa biti 64 ujanja huo unaishia kwenye safu ya 64. Kwa Python, ambayo namba zake nzima hukua bila mpaka, programu haitakwama, lakini kumbukumbu itakuwa imekua kimyakimya ndani ya namba hizo. Msaili makini hadanganyiki.

Suluhisho linaanza na swali tofauti: je, ndani ya jedwali lenyewe kuna mahali ambapo mtu anaweza kuandika bila kuharibu kitu kinachohitajika?

Yapo. Mstari ukishapatikana na sifuri, kila kisanduku chake kitafutwa, kikiwamo cha kwanza kabisa kushoto. Namba iliyomo katika kisanduku hicho haina kazi tena. Safu nayo ikishapatikana na sifuri, kisanduku chake cha juu kabisa hakina kazi tena. Watanzania wameona jambo hili barabarani: nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara hupigwa X ukutani, na hakuna anayelalamika kwamba rangi imechafua ukuta, kwa kuwa ukuta wenyewe unabomolewa. Hapa pia alama inawekwa juu ya kitu kinachoondoka. Mstari wa kwanza wa jedwali unageuka kuwa orodha ya safu, na safu ya kwanza inageuka kuwa orodha ya mistari. Alama yenyewe ni sifuri, ambayo ingewekwa hapo vyovyote vile.

Rudi kwenye jedwali la mfano. Programu inapita kutoka juu kwenda chini. Inapokuta sifuri ya mstari wa kwanza, safu ya tatu, inaandika sifuri mwanzoni mwa mstari huo, mahali pa 7. Kileleni mwa safu ya tatu tayari pana sifuri. Inapokuta sifuri ya mstari wa tatu, safu ya nne, inaandika sifuri mwanzoni mwa mstari wa tatu, mahali pa 4, na kileleni mwa safu ya nne, mahali pa 5. Baada ya mpito huo wa kwanza jedwali linasomeka hivi:

```
0 3 0 0
2 8 6 1
0 9 3 0
5 6 2 8
```

Namba tatu zimepotea, 7, 4 na 5, na zote tatu hazimo katika jibu sahihi. Hakuna hasara. Mpito wa pili unasoma alama pembeni na kufuta ndani.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na pa kujikwaa ni kisanduku kimoja: kile cha kona, juu kushoto. Kisanduku hicho ni mwanzo wa mstari wa kwanza na papo hapo ni kilele cha safu ya kwanza. Ikiwa kina sifuri, maana yake ni ipi? Mstari wa kwanza ufutwe, au safu ya kwanza ifutwe, au vyote viwili? Katika mfano wetu kona ina sifuri kwa sababu ya mstari wa kwanza peke yake. Safu ya kwanza ilikuwa na 7, 2, 4 na 5, bila sifuri hata moja. Programu inayoisoma kona kwa maana zote mbili itafuta safu ya kwanza pia, na zile 2 na 5 zilizotakiwa kubaki zitapotea.

Maswali ni mawili na kisanduku ni kimoja. Kwa hiyo swali moja lazima litafutiwe makao nje ya jedwali, nalo ni la ndiyo au hapana tu: je, safu ya kwanza ilikuwa na sifuri tangu mwanzo? Jibu lake linawekwa katika kibadilika kimoja kabla ya alama yoyote kuandikwa. Kona inabaki kusimamia mstari wa kwanza peke yake. Kibadilika hicho hakiongezeki jedwali likiwa la visanduku kumi na sita au milioni mia, na ndiyo maana sharti la msaili limetimizwa.

Kwa Python, kazi nzima inaingia katika mistari michache. Kompyuta huhesabu kuanzia 0, kwa hiyo `m[0][0]` ndiyo kona, na `m[i][0]` ni mwanzo wa mstari wowote:

```
def futa(m):
    R, C = len(m), len(m[0])
    safu1 = any(m[i][0] == 0 for i in range(R))
    for i in range(R):
        for j in range(1, C):
            if m[i][j] == 0:
                m[i][0] = 0
                m[0][j] = 0
    for i in range(R - 1, -1, -1):
        for j in range(1, C):
            if m[i][0] == 0 or m[0][j] == 0:
                m[i][j] = 0
        if safu1:
            m[i][0] = 0
```

Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu ni mwelekeo wa mipito. Wa kwanza unashuka, wa pili unapanda, na hilo halikufanywa kwa mapambo. Katika mpito wa kwanza, mstari wa juu lazima ukaguliwe kabla ya mistari mingine kuanza kuuandikia alama. Ukikaguliwa mwisho, alama za safu zitaonekana kama sifuri zake za asili, na utahukumiwa kufutwa bila kosa. Katika mpito wa pili ni kinyume: mstari wa juu umebeba alama za safu zote, kwa hiyo lazima uwe wa mwisho kufutwa. Mtu akishuka badala ya kupanda, katika mfano wetu mstari wa kwanza utafutwa mapema, ile 3 iliyo kileleni mwa safu ya pili itageuka sifuri, na kuanzia hapo kila safu itaonekana imepigwa alama. Matokeo yatakuwa haya:

```
0 0 0 0
2 0 0 0
0 0 0 0
5 0 0 0
```

Namba 8 na 6 za safu ya pili zimeondoka bila sababu. Aliye na jicho lililozoea ataijua kasoro hii kwa sura yake tu: safu ya kwanza imenusurika na nyingine zote zimefagiwa. Kona iliyosomwa kwa maana mbili ina sura tofauti, kwani hiyo hula safu ya kwanza na kuziacha nyingine sawa.

Kwa nini basi makosa haya hupita majaribio mara kwa mara? Kwa sababu watu hujaribu kwa jedwali lenye sifuri katikati. Sifuri ya katikati haigusi kona, na mstari wa juu haufutwi, hivyo programu mbovu na nzima zote hutoa jibu lile lile. Majedwali yanayofichua ni yale yenye sifuri pembezoni: moja lenye sifuri katika mstari wa kwanza tu, nje ya kona, la pili lenye sifuri katika safu ya kwanza tu, nje ya kona, la tatu lenye sifuri kwenye kona yenyewe. Likiongezwa jedwali la mstari mmoja na la safu moja, makosa mengi yanakuwa hayana pa kujificha. Njia ya uhakika zaidi ni kuandika pia programu ya nakala, ile ya kwanza iliyo wazi, kisha kuzipa zote mbili mamia ya majedwali madogo ya kubahatisha na kulinganisha majibu. Ikumbukwe kwamba programu iliyo hapo juu inategemea jedwali lenye walau mstari mmoja. Likiwa tupu, `m[0]` haipo na Python italalamika.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni kwamba kazi hii hairudiwi. Chukua lile jibu sahihi la mwanzo na uliendeshee programu hiyo hiyo mara ya pili. Mstari wa kwanza wote ni sifuri, maana yake kila safu sasa ina sifuri, na jedwali zima linafutwa. Hilo litatokea kwa jedwali lolote lililokuwa na sifuri hata moja. Kwa programu ya orodha mbili pia ni hivyo, lakini kwa hii isiyo na orodha hatari inaingia mapema zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi inayofanyika moja kwa moja kwenye faili, pembeni mwa jedwali patabaki alama zisizotofautika na data. Kuanza upya hakusaidii, kwa sababu alama za mara ya kwanza zitasomwa kama sifuri za asili. Na programu nyingine ikilisoma jedwali wakati huo huo, itachukua 0 mahali palipokuwa na 7 na kuendelea na hesabu zake.

Wazo la kuitumia data yenyewe kama daftari halikuanzia hapa. Mwaka 1967 Herbert Schorr na William Waite walichapisha mbinu ya kutafuta vipande vya kumbukumbu ambavyo bado vinatumika, ili vilivyobaki viachiliwe. Kazi hiyo kwa kawaida huhitaji kukumbuka njia ya kurudi, na kumbukumbu ya kuandikia njia inakosekana hasa pale inapohitajika zaidi, yaani kumbukumbu inapokaribia kwisha. Wao waligeuza kwa muda viungo vya data yenyewe vielekee kinyume, vikawa ndiyo njia ya kurudi, kisha wakavirudisha kama vilivyokuwa. Mbinu ya jedwali letu ni nyepesi kuliko hiyo kwa jambo moja: haihitaji kurudisha chochote, kwa kuwa inaandika mahali palipokwisha kuhukumiwa.

Nje ya chumba cha usaili, kufuta mistari na safu ni kazi inayofanyika kweli. Wahandisi wanaokokotoa kwa kompyuta jinsi daraja au jengo linavyojipinda hutengeneza matriksi kubwa ya ugumu wa vyuma na zege. Pale mguu wa daraja unapokuwa umefungwa ardhini na hausogei, mstari wake na safu yake hufutwa kuwa sifuri, kisha namba moja isiyo sifuri huwekwa mahali vinapokutana. Maktaba ya programu iitwayo PETSc, iliyoanzia katika maabara ya taifa ya Argonne huko Marekani, ina amri ya kazi hiyo, `MatZeroRowsColumns`. Lakini tazama tofauti: anayeiita amri hiyo huja na orodha ya mistari mkononi, kwa sababu anajua miguu ya daraja lake iko wapi. Hakuna sifuri ya kutafutwa, hivyo hakuna sifuri mpya ya kuchanganywa na ya zamani.

Kwa hiyo hukumu ya haki ni kwamba sharti la msaili limebuniwa kupima akili, na linapima vizuri: linaonyesha kama mtu anatambua mapema kwamba kisanduku kimoja kimebebeshwa maana mbili, na kama anaweza kueleza kwa nini mpito mmoja unashuka na mwingine unapanda. Katika programu itakayosomwa na wenzake kazini, yenye nafasi ya baiti 20,000 za ziada, mwandishi atumie orodha mbili.